Samaki wa friza amegeuza dawa zambarau. Ni fomalini kweli?

MamaJiko
Habari zenu wapendwa. Napikia watu wengi, na samaki wa baharini huwa nanunua wa kugandishwa, katoni nzima kwa mara moja. Wiki iliyopita nilipata kisanduku cha kupimia fomalini, kile chenye vichupa viwili vya matone. Unaloweka kipande cha samaki kwenye maji, unachota maji yale kidogo, unadondosha dawa ya kwanza, kisha ya pili, unatikisa, unalinganisha rangi na kadi. Nilipima samaki aina ya bumbo na rangi ikawa zambarau iliyoiva. Nikapima tena, ikawa vilevile. Nyama yake pia naiona ngumu kidogo, inavutika kama mpira. Muuzaji anaapa hajaweka kitu. Kabla sijamvunjia heshima mbele za watu, naomba mnisaidie: rangi hii peke yake inatosha kumtia mtu hatiani?

Kifaru_wa_Bandari
Mama, inatosha kabisa. Rangi imegeuka na nyama imekuwa mpira, unataka ushahidi gani tena? Ukitaka kuhakikisha bila kununua vifaa, tafuta pamanganeti ya potasiamu, ile dawa ya zambarau ya kuoshea vidonda. Tia chembe mbili kwenye glasi ya maji, halafu mimina maji uliyomlowekea samaki. Zambarau ikipotea, fomalini imo. Mimi natumia njia hiyo miaka yote na haijawahi kuniangusha.

Mzee_Pipeti
Kaka Kifaru, una nusu ya ukweli. Fomaldehaidi, ile kemikali iliyomo kwenye fomalini, inaiua rangi ya pamanganeti, hapo sina ubishi. Lakini damu, protini, mafuta na ute wa samaki vinaiua pia. Fanya jaribio hilohilo kwa samaki aliyevuliwa leo mbele ya macho yako, utaona zambarau inageuka kahawia na kupotea. Haijakuangusha kwa sababu inasema "ndiyo" kwa kila samaki, na kipimo cha namna hiyo hakikuambii lolote.

MamaJiko, kabla sijasema chochote kuhusu samaki wako nijibu mambo manne. Ulilowekea kwenye chombo gani? Maji yalikuwa ya baridi au ya moto? Ulisoma rangi baada ya dakika ngapi? Na je, ulipima maji matupu, yasiyoguswa na samaki, ndani ya chombo kilekile?

MamaJiko
Shikamoo mzee. Chombo ni bakuli la melamini, zile ngumu zisizovunjika. Maji yalikuwa ya moto, nilitaka samaki ayeyuke haraka, na nikakamulia limau kuondoa shombo. Rangi nilisoma baada ya kama nusu saa, kulikuwa na wageni. Maji matupu sikupima, karatasi ya maelekezo haikusema.

Mzee_Pipeti
Marahaba mama. Plastiki ya melamini inatengenezwa kwa kuunganisha melamini na fomaldehaidi. Ukiweka kitu cha moto na chenye uchachu ndani yake, fomaldehaidi kidogo hutoka kwenye bakuli na kuingia majini. Wewe umeweka vyote viwili. Chukua bakuli lilelile, maji ya moto na limau kama ulivyofanya, bila samaki, subiri muda uleule kisha upime. Halafu rudia kwa glasi na maji ya baridi. Rangi isomwe kwa dakika zilizoandikwa kwenye kadi, si zaidi. Dawa za aina hii huendelea kukolea zikikaa wazi.

MamaJiko
Nimerudi, na mikono inanitetemeka. Maji matupu kwenye bakuli la melamini yamegeuka zambarau hafifu lakini inayoonekana wazi. Maji ya baridi kwenye glasi hayakugeuka. Nimempima samaki upya kwenye glasi, maji ya baridi, dakika tano. Bado anageuka, ingawa rangi imepungua karibu nusu. Sasa?

Salama_Salmini
Samahani kwa kuingilia. Ukishajua fomalini ipo unaitoaje? Nimesikia ukiloweka kwenye chumvi na siki saa moja inaisha yote.

Mzee_Pipeti
Dada Salama, hapa bado tunatafuta kama ipo. Kwa kifupi, maji yanatoa ile iliyo huru tu. Iliyokwisha kushikana na protini haitoki kwa kuloweka, na samaki uliyemshuku kwa sababu za kweli huli.

Narudi kwa mama. Rangi iliyobaki baada ya kubadili chombo inatoka kwa samaki mwenyewe. Lakini hapo ndipo watu wengi wanapojikwaa: kipimo kinasema "kuna fomaldehaidi", na sisi tunasikia "mtu ameweka fomalini". Fomaldehaidi ni kemikali. Fomalini ni ile kemikali ikiwa imeyeyushwa kwenye maji kiasi cha asilimia 37 na kutiwa methanoli ili isigande. Kipimo hakijui kama kemikali hiyo imetoka kwenye chupa au imezaliwa ndani ya samaki.

Na kuzaliwa ndani ya samaki ni jambo la kawaida. Samaki wa baharini ana kitu kinachoitwa trimethilamini oksaidi, tunaandika TMAO, kinachomsaidia kuhimili chumvi. Akishakufa, baadhi ya aina wana kimeng'enya kinachoivunja TMAO vipande viwili: kimoja dimethilamini, DMA, na cha pili fomaldehaidi yenyewe. Kazi hiyo inaendelea hata kwenye friza. Samaki wa jamii ya kod wanajulikana sana kwa hili, na bumbo, mwenye kinywa kama cha mjusi, naye yumo. Kimeng'enya kimejaa kwenye figo na bandama, kwa hiyo nyama iliyo karibu na uti wa mgongo upande wa tumbo ndiyo huathirika kwanza.

Ule ugumu wa mpira nao haumtii mtu hatiani. Fomaldehaidi iliyozaliwa ndani inakaza protini sawasawa na ya chupa.

Kifaru_wa_Bandari
Mzee, kwa maelezo hayo kila mwizi ataponea hapo. "Imezaliwa ndani", basi yamekwisha. Na mbona inzi hawamtui samaki huyu?

Mzee_Pipeti
Haponei, kwa sababu kiasi na mahali ilipo vinasema. Fomalini ya kuchovya huingia kutokea nje: ngozi na matamvua hupata nyingi, kina cha nyama kidogo. Iliyozaliwa ndani hufanya kinyume, figo na uti wa mgongo vinaizidi ngozi. Kwa hiyo usipime samaki mmoja kwa kipande kimoja. Na inzi, kaka, hawatui kwenye kitu cha baridi. Samaki ametoka kwenye friza.

Mwl_Rangi
Nafundisha kemia, naomba niongeze. Dawa ya kisanduku inayogeuka zambarau mara nyingi haichagui fomaldehaidi pekee, inagusa aldehidi nyingine pia, yaani kemikali za ukoo mmoja nayo. Samaki mwenye mafuta akikaa sana mafuta yake huchacha na kutoa aldehidi chungu nzima. Kipimo cha Schiff ni hivyohivyo, tena ni kigeugeu zaidi. Kinachochagua vizuri ni kipimo cha Nash cha mwaka 1953, rangi yake ni manjano. Kuna kingine cha asidi ya kromotropiki, ni kizuri sana, lakini kinataka asidi salfuriki kali tena ya moto. Nimeona mwanafunzi akiungua mkono kwa hicho, sitaki kukisikia jikoni kwa mtu.

MamaJiko
Mwalimu, mdogo wangu anasoma ufundi wa maabara na amekubali kukifanya chuoni kwao, msimamizi akiwepo. Niandikieni hatua nimpe.

Mzee_Pipeti
Vizuri, na kifanyike hukohuko. Dawa yenyewe ni amoniamu asetati gramu 15, asidi asetiki isiyozimuliwa mililita 0.3 na asetilasetoni mililita 0.2, vyote kwenye maji safi hadi mililita 100. Itunzwe kwenye friji mbali na mwanga.

Achukue gramu 10 za nyama, azisage na maji baridi mililita 50, achuje mpaka maji yawe maangavu. Mililita 5 za maji hayo zichanganywe na mililita 5 za dawa, kisha zikae kwenye maji ya moto ya nyuzi 60 kwa dakika 10. Apoze, atazame. Fomaldehaidi ikiwepo anaona manjano.

Sasa, maji ya samaki yenyewe huwa na umanjano na ukungu wake. Kwa hiyo kila sampuli iwe na pacha: maji yaleyale, dawa ileile, ila pacha huyu dawa yake haina asetilasetoni. Manjano ya pacha ni ya samaki. Kinachozidi hapo ndicho fomaldehaidi. Mtu asiyeweka pacha huyu atapata "fomalini" kwenye samaki yeyote mwenye mafuta.

Ngazi ya kulinganishia aitengeneze kutoka chupa ya fomalini: mililita 1 kwenye lita ya maji inatoa karibu miligramu 400 kwa lita, anaizimua tena hadi 8, 4, 2 na 1. Chupa ya zamani yenye unga mweupe chini asiitumie, maana fomaldehaidi yake imegandamana na namba zote zitapotoka. Glavu, na kazi ifanyike kwenye kabati la kuvuta hewa. Tangu 2004 fomaldehaidi imewekwa kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, na mvuke wake ndio hatari ya karibu zaidi kwa mpimaji.

Mwl_Rangi
Jambo moja limewaangusha wanafunzi wangu wawili. Ili maji yawe maangavu waliangusha protini kwa asidi trikloroasetiki, halafu wakaendelea moja kwa moja. Manjano hayakutokea hata kwenye sampuli tuliyoitia fomalini kwa makusudi. Nash anataka pH karibu na 6, na asidi ile ilikuwa imeivuruga. Ukitumia asidi, irudishe pH kwanza.

Nahodha_Mstaafu
Mimi nina yangu. Nilipima samaki wa kukaushwa kwa moshi, akageuka rangi hata kabla sijamaliza kutikisa. Nikamtupa wote, ndoo mbili. Nilikosea?

Mzee_Pipeti
Nahodha, moshi wa kuni una fomaldehaidi ndani yake, na ni sehemu ya kinachomfanya samaki huyo asioze. Samaki wa moshi kipimo cha rangi hakimfai kabisa kama swali ni fomalini. Siwezi kusema ndoo zako zilikuwa salama wala hazikuwa, nasema kipimo hakikujibu.

Salama_Salmini
Na nyama ya ng'ombe je? Nayo huzaa?

Mwl_Rangi
Dada Salama, nyama ya ng'ombe haina TMAO ya kutajwa, kwa hiyo njia ile ya samaki haipo. Miligramu chache kwa kilo huonekana kwa kawaida, maana mwili wenyewe hutengeneza fomaldehaidi kidogo. Nyama mbichi ikileta rangi kali mimi ningeshtuka zaidi kuliko kwa bumbo. Ila kwanza ningeuliza kisu na ubao vilioshwa kwa dawa gani, maana dawa nyingine za kuua vijidudu zina aldehidi.

MamaJiko
Majibu yametoka. Mdogo wangu alipima samaki mmoja sehemu tatu, mwenzake mbichi wa aina ileile ambaye hajagandishwa, na kipande cha nyama ya ng'ombe cha friza. Nanukuu daftari lake, namba ni za maji yaliyochujwa, kwa kulinganisha kwa macho na baada ya kuondoa pacha.

Ngozi na nyama nyembamba chini yake: kati ya 1 na 2.
Mnofu wa mgongoni, katikati: karibu 3.
Nyama ya kando ya figo: juu kidogo ya 4, aliandika 5.
Bumbo mbichi, mnofu: chini ya 1.
Ng'ombe: sawa na pacha, hakuna kitu.

Alichukua pia maji ya mnofu wa mgongoni akaongeza fomaldehaidi ya kupandisha 2, ikasoma kama 5.

Mzee_Pipeti
Huyo kijana anajua kazi. Tuzigeuze ziwe za samaki: gramu 10 kwenye mililita 50 maana yake unazidisha kwa 5. Ngozi ni kama miligramu 7 au 8 kwa kilo, mnofu 15, kando ya figo 25. Maji yaliyomo ndani ya nyama yenyewe hatukuyahesabu, kwa hiyo ukweli uko juu kidogo, na macho nayo yana kosa lake. Haya si makadirio ya kugombania namba moja.

Ile ya kuongeza 2 na kupata 5 ni muhimu kuliko inavyoonekana. Ingebaki 3, tungejua kuna kitu ndani ya samaki kinameza fomaldehaidi na kipimo kinatudanganya kwa upande wa pili. Salfaiti wanayotiwa kamba ili wasiweke madoa meusi hufanya hivyo, inaishika fomaldehaidi na rangi haitokei.

Mpangilio wake ni wa kutoka ndani kwenda nje, figo kuzidi mnofu, mnofu kuzidi ngozi, na mbichi hana. Ningekuwa mimi, huyo muuzaji nisingemgusa. Ili mpate kipimo cha kulinganishia, Italia mwaka 1985 iliweka miligramu 60 kwa kilo kwa samaki wa jamii ya kod na 10 kwa jamii ya kamba, kwa sababu hiihii ya kuzaliwa ndani.

Mkaguzi_Mstahimilivu
Mzee, nakuheshimu lakini hapa sikubaliani nawe moja kwa moja. Kazi yangu ni ukaguzi. Nimeona samaki aliyelowekwa usiku kucha, akaoshwa vizuri asubuhi, ndipo akagandishwa. Ngozi imeoshwa, kwa hiyo inasoma kidogo. Na kama tumbo lilipasuliwa kabla ya kulowekwa, dawa iliingia kwa ndani na kukaa palepale penye figo. Mpangilio wako huohuo utaupata. Isitoshe maji baridi yanatoa fomaldehaidi iliyo huru tu. Iliyoshikana na protini inataka kuchemshwa na asidi fosforiki na kukusanya mvuke. Hizo 25 zinaweza kuwa sehemu ndogo ya iliyomo.

Kifaru_wa_Bandari
Ndicho nilichokuwa nasema!

Mzee_Pipeti
Hapana kaka, yeye anasema jingine. Lakini Mkaguzi, hoja yako naipokea, sikufikiria samaki aliyepasuliwa. MamaJiko, samaki wako walikuwa wazima au wamepasuliwa matumbo?

MamaJiko
Wazima, matumbo yamo. Ila katoni ina tarehe mbili, moja imebandikwa juu ya nyingine, ya chini siwezi kuisoma.

Mkaguzi_Mstahimilivu
Wazima inapunguza shaka yangu, haiimalizi. Kinachoweza kuamua ni kupima DMA. Kila TMAO inapovunjika inatoa moja ya kila kipande, na kwa uzito kila miligramu 30 za fomaldehaidi zinazaliwa pamoja na miligramu 45 za DMA. Kwa kuwa fomaldehaidi hupotea kwa kushikana na protini na DMA hubaki, samaki asiyeguswa huonyesha DMA nyingi kuliko uwiano huo. Kama kando ya figo wana fomaldehaidi 25, DMA ingepaswa kuwa angalau 37 au 38. Ikiwa 100, muuzaji wako hana kosa la fomalini, ana samaki wa siku nyingi. Ikiwa 5, fomaldehaidi ile haikutoka kwa samaki.

Mzee_Pipeti
Nakubali, kwa onyo moja. DMA ndogo inamtia mtu shakani. DMA kubwa haimsafishi moja kwa moja, maana samaki wa siku nyingi naye anaweza kuchovywa.

MamaJiko
Nimempigia muuzaji, nimemwambia napima na sijamshutumu. Amenitajia alikonunua katoni. Maabara imekubali kupima DMA na fomaldehaidi yote, ya huru na ya kushikana, lakini nafasi ni wiki ijayo. Niwasagie kabisa niwawekee kwenye friza yangu?

Mzee_Pipeti
Usisage! Ukisaga unachanganya figo na mnofu, na kimeng'enya kinapata kazi mpya. Na friza ya nyumbani inayofunguliwa kila saa ikipanda hadi nyuzi 5 au 10 chini ya sifuri, fomaldehaidi inaendelea kuzaliwa wiki nzima na utapeleka samaki tofauti na uliyempima. Waulize maabara kama wana friza ya nyuzi 30 chini ya sifuri wawapokee leo. Peleka watatu, wazima, hawajayeyushwa, ndani ya mifuko safi yenye barafu nje, pamoja na kipande cha katoni chenye tarehe zote mbili.

Mkaguzi_Mstahimilivu
Na ile tarehe ya chini, usiibandue mwenyewe. Waachie maabara.

MamaJiko
Nimewapigia, wanayo. Natoka sasa hivi. Nitaleta majibu hapahapa.